Kompyuta ikionya kuhusu faili ‘lisilozoeleka’: Lipokelewe au litupwe?

VITUO vya kukusanyia maziwa, maghala ya mazao na maduka ya pembejeo yanayotumia kompyuta hukutana mara kwa mara na onyo ambalo huwachanganya makarani. Mtu anapakua programu anayoihitaji kwa kazi halali kabisa, lakini kabla faili halijafika kompyuta inaandika kwamba faili hilo halipakuliwi na watu wengi na huenda ni la hatari. Kisha inamwachia mwenyewe aamue.

Wapo wanaoogopa na kulitupa faili, kazi ikasimama. Wapo pia waliokwishazoea maonyo, ambao hubonyeza kukubali bila hata kusoma. Makundi yote mawili yanafanya kosa moja, nalo ni kudhani kwamba maonyo yote yana maana moja. Ukweli ni kwamba kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za mtandao kama vile Chrome, Edge au Firefox, hutoa maonyo ya aina tatu tofauti, na kila moja linahitaji uamuzi wake.

Tuchukue mfano wa kituo cha kukusanyia maziwa, kama vile vilivyoko katika wilaya za Rungwe au Muheza. Tuseme kina wafugaji 80 wanaoleta jumla ya lita 640 kwa siku. Kituo kimenunua printa ndogo inayotumia karatasi ya joto ili kila mfugaji apewe kikaratasi chenye lita zake. Printa imekuja na sidii yenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa. Kompyuta mpakato ya kituo haina mahali pa kuingizia sidii. Karani anaingia mtandaoni, anaandika jina alilolisoma kwenye boksi, POS-80, na kuomba draiva. Anapata faili, na hapo ndipo onyo linapojitokeza.

Katika kompyuta hiyo hiyo mna daftari la lita za wafugaji wote. Ikiwa lita moja ni Sh1,000, kwa mwezi wa siku 30 daftari hilo linabeba hesabu ya lita 19,200, sawa na Sh19.2 milioni za watu. Hilo ndilo linalowekwa rehani karani anapobonyeza kitufe cha kukubali.

Onyo la aina ya faili

Onyo la kwanza ni jepesi kuliko mengine. Kivinjari kinatazama herufi za mwisho za jina la faili. Picha na maandishi ya kawaida hupita kimya. Lakini faili linaloishia na .exe au .msi ni programu, na likifunguliwa linaweza kufanya jambo lolote ambalo mwenye kompyuta mwenyewe anaweza kufanya. Kwa sababu hiyo kivinjari kinaweza kuandika kwamba aina hii ya faili inaweza kudhuru kompyuta, bila kuwa na lolote la kusema dhidi ya faili lenyewe.

Onyo hili ni sawa na maandishi ya “sumu” kwenye chupa ya dawa ya mimea. Halisemi kwamba chupa hiyo ni bandia. Linasema kwamba kilichomo ndani kina nguvu, kwa hiyo mtu ajue anachokifanya.

Faida yake kubwa ni pale aina inapotofautiana na kile mtu alichokuwa anatarajia. Karani aliyeomba draiva atarajie .exe, .msi au .zip. Lakini mtu aliyetumiwa oda ya mahindi au orodha ya bei, akaona faili linaishia na .exe, hana haja ya kufikiri zaidi. Oda haiwi programu. Matapeli hupenda kuandika jina kama oda.pdf.exe kwa sababu Windows, isipobadilishwa, huficha herufi za mwisho, na mtu huona oda.pdf tu. Dawa yake ni kufungua dirisha la mafaili, kwenda View na kuchagua File name extensions. Katika Windows 11 chaguo hilo limo ndani ya View kisha Show. Kazi hii hufanywa mara moja tu, na kuanzia hapo majina huonekana kamili.

Onyo la faili lisilozoeleka

Onyo la pili ndilo lililompata karani wetu, na ndilo lenye utata. Chrome huweza kuandika “Suspicious download blocked”. Edge huandika kwamba faili “isn't commonly downloaded”, na Firefox huandika “This file is not commonly downloaded”. Maneno hubadilika toleo hadi toleo, lakini maana ni moja: faili hili hatulijui.

Ili kuelewa ujumbe huo ni lazima kujua unavyotengenezwa. Kila faili lina kitu kinachoweza kuitwa alama ya kidole, yaani mfuatano wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutokana na yote yaliyomo ndani yake. Ikibadilika herufi moja tu ndani ya faili, alama nzima inabadilika. Programu inapopakuliwa, kivinjari huchukua alama hiyo, anwani ya tovuti ilikotoka na jina la aliyeitia saini programu, kama ipo, kisha huuliza kwenye hifadhi kuu. Chrome huuliza huduma ya Google inayoitwa Safe Browsing. Edge huuliza SmartScreen ya Microsoft. Utaratibu huu wa kupima sifa za faili ulianza kutumiwa na Microsoft katika Internet Explorer 9 mwaka 2011, na Google ikafuata mwaka 2012.

Jibu linaweza kuwa moja kati ya matatu. Faili linajulikana kuwa jema, au linajulikana kuwa baya, au halijulikani. Onyo la “lisilozoeleka” ni hilo la tatu. Halina tofauti na mteja anayeingia dukani kwa mara ya kwanza akiomba mbolea kwa mkopo. Mwenye duka hawezi kumwita mwizi, lakini pia hana sababu ya kumkabidhi mifuko 20 papo hapo.

Mafaili mema hukumbwa na onyo hili kwa sababu iliyo wazi. Draiva ya printa isiyo maarufu hupakuliwa na watu wachache duniani. Hata programu maarufu, siku toleo jipya linapotolewa, alama yake ya kidole ni mpya na hesabu ya waliolipakua huanza upya. Kama mtengenezaji ameitia saini ya kidijitali, sifa ya saini yake humsaidia. Mtengenezaji mdogo ambaye hakununua cheti cha kutia saini hana cha kumtetea.

Lakini mafaili mabaya nayo hukumbwa na onyo hilo hilo, tena kwa makusudi ya watengenezaji wake. Mwizi anajua kwamba faili lake likitambuliwa litaingizwa katika orodha ya mabaya. Kwa hiyo hulibadilisha kidogo kila baada ya muda mfupi, wakati mwingine kwa kila anayelipakua, ili lisilingane na orodha. Kwa kufanya hivyo anakwepa onyo jekundu, lakini faili lake linakuwa geni kila siku. Ndiyo maana ugeni peke yake umefanywa kuwa sababu ya kuonya. Na ndiyo maana onyo hili haliwezi kudharauliwa kwa hoja kwamba “hata programu nzuri hulipata”.

Onyo jekundu

Onyo la tatu halina mjadala mrefu. Chrome huandika “Dangerous download blocked” kwa rangi nyekundu. Hapa hifadhi kuu imetoa jibu kwamba faili lenyewe, au tovuti lilikotoka, linajulikana kuwa na madhara. Tangu mwaka 2024 Google imetenganisha wazi makundi haya mawili katika Chrome: faili la kutiliwa shaka, ambalo ushahidi wake ni mdogo, na faili la hatari, ambalo ushahidi wake ni mkubwa.

Mtu asiye mtaalamu hana njia ya kupinga ushahidi huo akiwa ameketi dukani. Yapo makosa, maana hata programu halali huweza kuwekwa rangi nyekundu kimakosa, lakini kazi ya kulisafisha jina ni ya mtengenezaji. Yeye ndiye anayeomba faili lake lichunguzwe upya. Mtumiaji alitupe, na kama anaihitaji programu hiyo awasiliane na mwenye nayo au asubiri siku kadhaa.

Kupokea si kufungua

Karani wetu basi ameona onyo la pili. Kabla ya kuamua, kuna jambo moja linalopunguza presha. Kulipokea faili la programu na kulifungua ni mambo mawili tofauti. Wakati onyo bado liko kwenye kioo, Chrome huliweka faili kwa jina la muda linaloanza na neno Unconfirmed na kuishia na .crdownload, ili lisiweze kufunguliwa kwa bahati mbaya. Akibonyeza kulipokea, linapewa jina lake na kukaa katika kabati la Downloads. Hapo bado ni gunia lililofungwa. Madhara huanza pale linapobonyezwa mara mbili.

Kwa hiyo uamuzi hugawanyika katika hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kama faili linastahili hata kupokelewa ili likaguliwe. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kama linastahili kufunguliwa.

Hatua ya kwanza hujibiwa kwa kutazama lilikotoka. Karani arudi kwenye ukurasa alioubonyeza na kuusoma. Anayeandika “draiva ya POS-80” katika mtandao hukutana na tovuti nyingi ambazo si za mtengenezaji wala za muuzaji. Nyingi huwa na vitufe vikubwa vya rangi ya kijani vilivyoandikwa Download, ambavyo kumbe ni matangazo. Kinachoshuka si draiva bali ni programu nyingine inayodai kwamba itatafuta draiva zote za kompyuta. Dalili yake ni jina. Mtu ameomba draiva ya printa, lakini faili limeitwa kwa jina la tovuti au limeandikwa tu DriverSetup.exe, na halitaji printa yoyote. Faili la namna hiyo litupwe hapo hapo. Halina haja ya kupimwa, kwa sababu si kile kilichoombwa.

Dalili nyingine mbili zinatosha peke yake kulikataa faili. Moja ni faili la .zip lililofungwa kwa nywila, huku nywila yenyewe ikiwa imeandikwa kwenye ukurasa huo huo, mathalani 1234. Nywila ya namna hiyo haimlindi mteja. Mara nyingi kazi yake ni kuzuia kivinjari na programu za kuzuia virusi zisione kilichomo ndani. Dalili ya pili ni maelekezo ya kumtaka mtu azime ulinzi wa kompyuta kabla ya kuweka programu. Muuzaji wa mbegu anayemtaka mkulima asikague lebo kwanza tayari ameshasema alichonacho.

Njia iliyo bora ni kuanzia kwenye printa yenyewe. Printa nyingi za aina hii huchapisha karatasi ya kujipima. Inazimwa, kitufe cha kusogeza karatasi kinashikiliwa, kisha inawashwa. Karatasi inayotoka huonyesha modeli na namna printa inavyounganishwa. Jina la POS-80 limebandikwa kwenye printa za watengenezaji wengi tofauti, hivyo bila karatasi hiyo karani anaweza kuhangaika na draiva isiyohusika. Akishapata modeli, ampigie aliyemuuzia na kumwomba anwani ya tovuti ya mtengenezaji. Simu hiyo ni ya gharama ndogo kuliko hatua zote zinazofuata.

Ukaguzi kabla ya kufungua

Tuseme sasa karani amepata faili kutoka kwenye tovuti aliyotajiwa na muuzaji, linaitwa POS80.exe, na onyo la ugeni limetokea tena. Hili linastahili kupokelewa ili likaguliwe. Katika Edge atabonyeza nukta tatu kando ya faili, achague Keep, kisha Show more na Keep anyway. Halafu asilifungue.

Ukaguzi wa kwanza ni saini. Abonyeze faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, achague Properties, atafute ukurasa wa Digital Signatures. Ukiwapo, utaonyesha jina la kampuni iliyotia saini, na akibonyeza Details ataelezwa kama saini hiyo ni sahihi. Jina likiwa la mtengenezaji wa printa, hiyo ni hoja nzito ya kulikubali. Likiwa la kampuni isiyohusiana kabisa na printa, ni hoja ya kulikataa. Ukurasa huo usipokuwapo, faili halina saini. Draiva nyingi za vifaa vya bei nafuu huwa hazina, kwa hiyo kukosekana kwake hakuhukumu, ila kunaongeza umuhimu wa ukaguzi unaofuata.

Saini nayo ina mpaka wake. Inathibitisha ni nani aliyetia saini na kwamba faili halikubadilishwa baadaye. Haithibitishi tabia. Kirusi cha Stuxnet kilipogunduliwa mwaka 2010, baadhi ya mafaili yake yalikuwa na saini sahihi kabisa, zilizotiwa kwa vyeti vilivyoibwa kutoka kampuni mbili za Taiwan.

Ukaguzi wa pili ni wa alama ya kidole. Karani afungue kabati la Downloads, aandike cmd kwenye mstari wa anwani ulio juu ya dirisha na kubonyeza Enter. Katika dirisha jeusi linalofunguka aandike:

```
certutil -hashfile POS80.exe SHA256
```

Kompyuta itatoa mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Kama tovuti ya mtengenezaji imechapisha mfuatano huo, viwili hivyo vilinganishwe. Vikilingana, faili ni lile lile lililotolewa na mtengenezaji. Visipolingana, faili limeharibika njiani au limebadilishwa, na kwa vyovyote vile halifai.

Watengenezaji wa printa ndogo mara chache huchapisha alama hiyo. Hata hivyo, ina matumizi mengine. Mfuatano huo unaweza kunakiliwa na kubandikwa katika sehemu ya kutafutia ya VirusTotal, huduma ya bure iliyonunuliwa na Google mwaka 2012, ambayo hulipima faili moja kwa kutumia programu nyingi za kuzuia virusi kwa mara moja. Kutafuta kwa alama hakupeleki faili popote. Kama kuna mtu aliyewahi kulipima, majibu yataonekana. Kama hayupo, karani anaweza kulipakia faili lenyewe, kwa sababu draiva haina siri ya mtu. Asifanye hivyo kwa daftari la wafugaji au mkataba, kwani kinachopakiwa pale huweza kuonwa na watu wengine.

Namna ya kusoma majibu

Majibu ya VirusTotal yanahitaji kusomwa kwa utulivu, maana hayatoi hukumu ya “ndiyo” au “hapana”. Huonyesha idadi ya programu zilizolikataa faili kati ya zote zilizolipima, ambazo kwa kawaida hufika 60 au 70.

Programu 15 au 20 zikilikataa, mjadala umekwisha. Ikilikataa moja au mbili, tena kwa jina la jumla kama Generic, huenda ni kosa, kwa sababu programu ndogo zisizo na saini hukumbwa mara nyingi na makosa ya namna hiyo. Kati ya hapo ni eneo la mashaka, na kwa mtu mwenye daftari la Sh19.2 milioni ndani ya kompyuta, mashaka yasome kama hapana.

Sifuri ndiyo inayowadanganya watu. Faili jipya kabisa la wizi linaweza kupata sifuri kwa saa au siku za mwanzo, kwa sababu hakuna aliyekwishalitambua. Kwa hiyo karani asiishie kwenye idadi. Afungue ukurasa wa Details na kutafuta First Submission, yaani siku faili hilo lilipopimwa kwa mara ya kwanza. Draiva iliyoonekana kwa mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita na bado ina sifuri, imeshatazamwa na wengi kwa muda mrefu. Faili linalodai kuwa draiva ya printa ya zamani, lakini limeonekana duniani kwa mara ya kwanza leo asubuhi, lina maswali ya kujibu. Hilo liachwe siku tatu au nne kisha alama yake itafutwe tena. Kama lilikuwa la wizi, mara nyingi siku hizo zinatosha kwa idadi kupanda.

Katika mfano wetu, tuseme draiva haina saini, imetoka kwenye tovuti iliyotajwa na muuzaji, modeli inalingana na karatasi ya kujipima, VirusTotal inaonyesha moja kati ya 70 na faili lina miaka miwili. Karani ana haki ya kulifungua. Kabla ya hapo anakili daftari la lita kwenye flashi na kuichomoa. Anapolifungua, Windows nayo inaweza kuonyesha dirisha la “Windows protected your PC”. Hilo si onyo jipya. Ni lile lile la ugeni, kwa sababu faili limebeba alama iliyofichwa inayosema limetoka kwenye mtandao. Akibonyeza More info ataonyeshwa jina la faili na mtoaji wake, ahakikishe ni lile alilolikagua, kisha achague Run anyway.

Lingekuwa na dosari moja kubwa kati ya hizo, mathalani modeli hailingani au tarehe ni ya leo, angelitupa.

Hesabu ya kusubiri

Sababu ya kuwa mkali kiasi hicho ni ya kiuchumi. Gharama ya kulitupa faili jema ni ndogo na inajulikana. Kituo kitaandika lita kwa mkono kwa siku mbili au tatu zaidi, kama kilivyokuwa kikifanya mwaka mzima. Gharama ya kulifungua faili baya haina dari. Programu za wizi za siku hizi huanza kwa kuchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, zikiwamo za barua pepe na za benki, na nyingine huyafunga mafaili yote na kudai fedha.

Tena njia mbadala zipo. Sidii iliyokuja na printa inaweza kupelekwa kwenye duka lolote lenye kompyuta ya zamani na kunakiliwa kwenye flashi. Zaidi ya hayo, Windows yenyewe ina draiva iitwayo Generic / Text Only, ambayo printa nyingi za stakabadhi huikubali kwa maandishi ya kawaida. Haichapishi nembo wala picha, lakini kikaratasi cha mfugaji kinahitaji jina, tarehe na lita tu. Kwa kazi hiyo huenda hapakuwa na haja ya kupakua kitu.

Hapa lazima itolewe tahadhari kuhusu flashi. Faili lililoletwa na jirani kwa flashi kwa kawaida halitoi onyo lolote, na watu wengi huuchukulia ukimya huo kuwa ni usalama. Sababu ya ukimya ni kwamba kivinjari hakikuhusika, na ile alama iliyofichwa hupotea faili linaponakiliwa kwenye flashi za kawaida. Faili ni lile lile, ila halina tena kitambulisho cha lilikotoka. Kwa hiyo faili la flashi linahitaji ukaguzi ule ule wa saini na alama ya kidole, pengine kwa makini zaidi.

Kwenye simu hali ni tofauti

Wakulima na wafanyabiashara wengi hutumia simu ya Android kuliko kompyuta, na huko onyo hufanya kazi kwa namna nyingine. Programu ya simu iliyo nje ya duka rasmi huwa ni faili linaloishia na .apk. Chrome ya simu hutoa onyo kwa faili la aina hiyo kwa sababu ya aina yake tu, liwe jema au baya. Onyo hilo ni la aina ya kwanza katika maelezo haya, na halimpi mtu habari yoyote ya kumsaidia kutofautisha.

Kwa hiyo kwenye simu swali hubadilika. Badala ya kuuliza faili hili lina sifa gani, mtu aulize kwa nini halimo katika Play Store. Programu ya mikopo, ya bei za mazao au ya ruzuku iliyotumwa kwa WhatsApp kama .apk inahitaji sababu nzuri sana ya kuwa pale. Ikitaka ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, hiyo ni ruhusa ya kusoma namba za siri zinazotumwa na benki na mitandao ya fedha, na programu ya bei za mahindi haina kazi nazo.

Likiwa limeshafunguliwa

Mtu aliyekwishafungua faili la mashaka akatenganishe kompyuta na mtandao kwanza, ama kwa kuzima Wi-Fi au kuchomoa modemu. Pili, abadilishe nywila za barua pepe na benki kwa kutumia kifaa kingine, kwa sababu akibadilisha kwenye kompyuta ile ile huenda anamkabidhi mwizi nywila mpya. Tatu, aitaarifu benki. Baada ya hapo ndipo afungue Windows Security, aende Virus & threat protection, kisha Scan options, na kuchagua ule ukaguzi wa Microsoft Defender wenye neno Offline. Huo huizima na kuiwasha kompyuta, kisha huipima kabla Windows haijaamka, wakati ambapo programu ya wizi haina nafasi ya kujificha.

Flashi yenye nakala ya daftari isichomekwe hadi ukaguzi huo umalizike.